Akisema "Wewe Piga Bati Tu": Kuanza Kazi kwa Mteja Asiyetaka Maswali

Kila fundi wa Tukuyu anamjua mteja huyu. Anafanya kazi Dar es Salaam au Mbeya mjini, ana nyumba imefika lenta pale Ibighi, mwezi wa kumi unayoyoma na mvua zinakaribia. Anapiga simu: hela ya bati ametuma, anataka akija Krismasi akute nyumba imefunikwa. Unauliza paa la namna gani. "Wewe piga bati tu." Unauliza geji ngapi. "Fundi, maswali hayo ndiyo nimekulipa uyajibu. Fanya kazi." Anasema ndaga, anakata simu.

Mafundi wengi hapa huangukia upande mmoja kati ya mbili. Mmoja anaendelea kupiga simu mpaka mteja anaacha kupokea, na wiki mbili za ukavu zinapotea. Mwingine anakaa kimya, anajenga alichozoea, kisha mteja akishuka kwenye basi anauliza, "Nani kakuambia ujenge hivi?" Mwongozo huu unaeleza njia ya tatu: unaanza kazi bila kuuliza tena, lakini kila ulichojiamulia kwa niaba yake unakitaja waziwazi, kwa maandishi, kabla hakijawa ghali kukirudisha nyuma.

Kwanza jiulize kwa nini hataki maswali, kwa sababu mara nyingi si kiburi. Mtu anayeuza dukani Kariakoo hajui tofauti ya geji 28 na geji 30, na hapendi kukiri hivyo mbele ya fundi. Au alishaulizwa maswali kumi na fundi aliyetangulia, na kila swali liliishia kwenye kuongezewa bei. Au swali lenyewe halijibiki: ukimuuliza "Unataka paa zuri au la kawaida?" atajibu nini? Mtu wa namna hii hapingi kushirikishwa. Anachokataa ni kufanya kazi ya kufikiri ambayo anaamini ameshailipia. Ukimpelekea jambo lililoamuliwa, lenye sababu yake, atalisoma kwa nusu dakika na kusema sawa au siyo. Kukataa kitu kilichoandikwa ni rahisi kuliko kubuni jibu.

Kabla hujaandika dhana yoyote, iulize nyumba. Majibu mengi yako pale pale kiwanjani, na fundi anayejiamulia jambo ambalo ukuta ungemjibu atalaumiwa kwa haki. Chukulia nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma, mita 10 kwa mita 8 kwa nje. Panda juu ya lenta uangalie. Je, kuta zote nne zimekoma usawa mmoja? Waya au nondo za kufungia mbao zimeachwa pande zote nne, au kwenye kuta ndefu mbili tu? Zikiwa pande zote, aliyejenga huenda alikusudia paa la kona nne, ambalo hukaa juu ya kuta zote. Zikiwa kwenye kuta ndefu pekee, basi alikuwa akifikiria mgongo wa tembo, paa la pande mbili, ambalo linahitaji pembetatu za tofali zipandishwe kwenye kuta fupi.

Halafu tafuta mchoro. Kama nyumba ilijengwa kwa kibali cha ujenzi, ramani yenye muhuri wa halmashauri ipo mahali fulani, mara nyingi kabatini kwa mama yake mteja, na makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe yako hapo hapo Tukuyu, kwa hiyo huna sababu ya kushindwa kufuatilia. Ramani ikionyesha kona nne, hakuna dhana tena: huna mamlaka ya kubadilisha umbo la jengo lililoidhinishwa, hata kama unaamini mgongo wa tembo ungemfaa zaidi. Katika mfano wetu ramani haionyeshi paa lililokatazwa wala lililolazimishwa, na waya ziko kwenye kuta ndefu tu. Tunaelekea mgongo wa tembo.

Sasa gawanya mambo yaliyobaki kwa kipimo kimoja tu: yakikosewa, kuyarudisha kutagharimu nini? Rangi ya mbao za pembeni inarudishwa kwa siku moja na kopo moja la rangi, hivyo amua na uendelee bila hata kumwandikia. Urefu wa kingo za paa, mwinuko wake na geji ya bati ni mambo ya aina nyingine. Bati likishatobolewa kwa misumari duka halilichukui tena. Mbao za kenchi zikishakatwa kwa nyuzi fulani haziwezi kupewa nyuzi nyingine bila kuwa fupi. Haya ndiyo unayoyaandika. Kuna pia kundi la tatu, dogo, ambalo hulichukulii dhana hata kidogo, na nitalirudia.

Tuanze na mwinuko, kwa kuwa ndio unaovuta mambo mengine yote. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Kwa mwaka inapita milimita 2,000, na kilele chake ni Machi na Aprili. Paa lililolala hupitisha maji polepole, na upepo unayarudisha juu chini ya maungio ya bati. Mimi ningechukulia nyuzi 25 bila kusitasita. Kutoka katikati ya nyumba hadi ukutani ni mita 4. Ongeza kingo ya sentimita 60 inayotoka nje, inakuwa mita 4.6 za ulalo. Kwa nyuzi 25, urefu wa bati kwenye mteremko unafika mita 5.08, na pembetatu ya tofali inapanda karibu mita 1.87 juu ya lenta. Pembetatu mbili kwa pamoja ni kama mita za mraba 15 za ukuta ambazo mteja huenda hajazifikiria kabisa.

Hapo ndipo fundi mwenye bajeti finyu hushawishika kulaza paa. Piga hesabu kwanza uone anachookoa. Kwa nyuzi 15 mteremko unakuwa mita 4.76, umepunguza sentimita 32 tu za bati kila upande. Akiba ya kweli iko kwenye tofali, maana pembetatu zinashuka hadi kimo cha mita 1.07 na ukuta wake kuwa kama mita za mraba 8.6. Kwa hiyo mteja anaokoa tofali kidogo, kisha ananunua uvujaji. Sababu hii iandike, kwa sentensi moja, pembeni ya dhana yako. Dhana isiyo na sababu inaonekana kama fundi amefanya anavyojisikia.

Bati nalo. Upana wake wa kufunika baada ya kupandishana hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo pima dukani na usitegemee kumbukumbu. Tuseme ni sentimita 75. Urefu wa paa ni mita 10 za nyumba na sentimita 60 kila ncha, jumla mita 11.2. Ukigawanya unapata safu 15 kila upande, safu 30 kwa nyumba nzima. Kila safu inahitaji mita 5.08, na bati la mita 3 likiunganishwa na la mita 2.5, kwa kupandishana sentimita 20, linatoa mita 5.3. Ziada unaigawa kwenye maungio na kwenye ncha inayoingia kwenye gata. Bati 30 za mita 3 na 30 za mita 2.5: hiyo ndiyo oda yako.

Geji ndiyo dhana ambayo mafundi huificha, na ndiyo yenye ugomvi mkubwa kuliko zote. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, na mteja asiyejua hilo anaweza kudhani geji 32 ni bora kuliko 28. Kama hela aliyotuma inatosha bati 60 za geji 30 lakini haifiki 28, usinunue 30 kimyakimya na usichelewe ukisubiri nyongeza. Andika: nimechukulia geji 30 kwa sababu ya kiasi ulichotuma, 28 itaongeza hivi, yaani tofauti ya bei ya bati moja mara idadi. Duka lolote la vifaa pale mjini litakupa tofauti hiyo papo hapo. Hapo umemwachia mlango wa kuamua bila kumuuliza chochote.

Ukishapata majibu yako, andika ujumbe mmoja. Mmoja, usiwe mlolongo wa sauti za WhatsApp ambazo hatazisikiliza akiwa kwenye daladala. Dhana zisizidi tano. Fundi anayeandika ishirini amejikinga yeye mwenyewe, hajamjulisha mteja, kwani hakuna atakayesoma mpaka ya kumi na saba ambako ile ya geji imejificha. Ya ghali iwe ya kwanza. Kwa nyumba yetu ningeandika hivi:

"Kaka, habari za kazi. Nimekuelewa, naanza Jumatatu. Sihitaji jibu kama yote haya ni sawa kwako.
1. Bati geji 30, zisizo na rangi, jumla 60. Hela uliyotuma inafikia hapo. Ukitaka 28 niambie kabla ya Alhamisi jioni, ndipo nanunua.
2. Paa la pande mbili, nyuzi 25, kwa sababu ya mvua za huku. Kuta fupi zinapandishwa tofali, nimeziweka kwenye hesabu. Napandisha kuanzia Jumanne.
3. Kingo sentimita 60 nje, kwa kuwa kuta bado hazijapigwa plasta.
4. Mbao za paina zilizotiwa dawa.
5. Gata na dari havimo. Naacha nafasi ya kuvifunga baadaye.
Mabadiliko nayapokea kutoka kwako tu."

Tazama kilichomo na kisichomo. Hakuna alama ya kuuliza hata moja. Hakuna "nafikiri" wala "kama inawezekana". Maneno hayo yanamrudishia mteja kazi aliyoikataa. Hakuna pia "bati nzuri" au "mbao imara", kwa sababu maneno hayo hayakataliki wala hayathibitishiki, na siku ya ugomvi kila mtu atayatafsiri kivyake. Mambo mawili ya ghali zaidi kuyarudisha yana siku zake za mwisho, na siku hizo zimetokana na kazi yenyewe: Alhamisi kwa sababu ndipo bati zinanunuliwa, Jumanne kwa sababu ndipo tofali zinapanda. Siku ya kubuni mteja huitambua haraka, na ya pili hataiheshimu.

Namba 5 wengi huiacha, nami ningeiweka hata kama ingenibidi niondoe nyingine. Kutaja kisichomo ndiko kunakozuia lile swali la Krismasi, "Na gata ziko wapi?" Paa hili linafunika mita za mraba 103 za ardhi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 10, ambayo hapa si ajabu, inamwaga zaidi ya lita 1,000 chini ya kingo. Bila gata maji hayo yanachimba msingi. Pamoja na gata, simtanki la lita 1,000 linakaribia kujaa kwa mvua hiyo moja. Mwambie mteja hivyo siku nyingine, kwa ujumbe mwingine. Hapa inatosha kusema havimo.

Kisha panga kazi ili dhana zako za ghali ziwe za mwisho kutekelezwa. Hili ndilo linalokupa haki ya kuanza. Jumatatu unajenga jukwaa, unasafisha juu ya lenta, unapima mraba wa nyumba kwa kamba kona hadi kona, na kuagiza mbao. Kazi hizi zinafaa paa lolote atakalotaka. Tofali za pembetatu zinafuata. Bati, ambalo haliwezi kurudi dukani likishatobolewa, linanunuliwa mwisho kabisa. Fundi anayekimbilia kununua bati siku hela inapoingia, kwa kuogopa isitumike kwingine, amefunga mlango wa dhana yake ya kwanza kabla ujumbe haujasomwa.

Kuna jambo la kuelewa kuhusu kimya. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo, kwa hiyo ile simu ya "piga bati tu" ina uzito wake. Lakini kwa kawaida ya sheria ya mikataba, mtu kunyamaza peke yake hakuhesabiwi kuwa amekubali. Ujumbe wako haumfungi kama saini. Unachofanya ni kuonyesha kwamba alijulishwa, lini, na alikuwa na nafasi ya kukuzuia. Ndiyo maana unatumia hela aliyotuma kwa kazi aliyoitaja, wala hukopi dukani kwa jina lake ukitegemea kwamba hakujibu.

Hapo tunafika kwenye lile kundi la tatu. Hela zaidi ya aliyotuma hutaidhania. Ukiona haitoshi, unafika mahali inapotosha na unasimama. Mpaka wa kiwanja hutaudhania. Kingo ya sentimita 60 inamwaga maji sentimita 60 kutoka ukutani. Ukuta ukiwa nusu mita tu kutoka kwa jirani, maji yanashukia kwenye migomba yake, na ugomvi huo hautakuwa wa fundi wala wa mteja peke yake. Pima, kaa na jirani na mwenyekiti wenu waonyeshe mpaka, na kama hauko wazi, upande ule usiguswe. Na usalama wa kile kilichojengwa na wengine: ukikuta lenta ina ufa unaopita au haina nondo, usichukulie kwamba itabeba kenchi. Kwa haya matatu unampigia mteja hata kama amekukataza. Anza hivi: "Kaka, hili si swali. Nimesimamisha upande wa mashariki, sababu ni hii." Mtu aliyechoka maswali mara nyingi hupokea taarifa.

Jinsi ya kutambua kama ujumbe umefanya kazi: mteja anajibu kwa ukali juu ya mstari mmoja. "Nani kakwambia geji 30? Nunua 28, natuma tofauti leo." Mafundi wapya huhuzunika wakipata jibu hilo. Ni jibu bora kuliko yote, maana amesoma, amechagua, na manne yaliyobaki ameyaacha yapite. Mjibu kwa ufupi, "Sawa, 28. Mengine yanaendelea kama yalivyo," na ubadilishe orodha yako siku hiyo hiyo, ujumbe mmoja wenye namba mpya, ili pasiwe na orodha mbili zinazogombana. Jibu la kuogopa ni lile la "sawa fundi" lililotumwa sekunde chache baada ya ujumbe wako. Hajasoma. Siku ya kununua bati mtumie picha ya bati lenyewe dukani, namba ya geji ikionekana, na maneno matatu: "Hizi ndizo nachukua." Picha huangaliwa hata na asiyesoma.

Na mama yake. Katika kaya nyingi za Ibighi anayelipa yuko mbali na anayetazama yuko jirani, na mama ana haki zake zote za kusema. Atakuja asubuhi na chai, ataangalia juu, atasema kingo hizo ni ndefu mno, zitaziba dirisha. Usimwambie kwamba huchukui maagizo kutoka kwake; huyo ni mama. Msikilize, mwonyeshe kwa mkono mahali kivuli kitaanguka, kisha sema, "Mama, shikamoo, nimekusikia. Nitamwandikia mwanao leo hii hii kwamba mama amependekeza kingo zipungue." Mwandikie kweli, ukitaja nani kasema na kwamba mpaka kesho jioni kingo zinabaki sentimita 60. Mara nyingi mwana atampigia mama yake mwenyewe, na jioni utaambiwa na mmoja wao jambo lililoamuliwa kati yao. Wakati huo mbao za upande wa dirisha ziache hazijakatwa, endelea na upande wa pili.